Naiti ya kwanza, mgonjwa kaletwa kama mlevi

Upendo yuko mwaka wa tatu, anasomea uafisa tabibu, na hospitali aliyopangiwa kwa mafunzo iko wilaya ya Kilolo kule Iringa, ukanda wa Ilula ambako nyanya zinalimwa kweli kweli. Ndo maana ile siku ya kuingia naiti ya kwanza alishinda chumbani na daftari anasoma sumu za dawa za wadudu. Alijiandikia kwa kalamu nyekundu: kila tundu linatoa maji, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na chini yake akapigia mstari, fuata kifua usifuate mboni.

Kwenye saa sita usiku bajaji ikapiga breki mlangoni, wanaume wawili wakamshusha mwenzao amelegea kabisa, mkewe nyuma analia. Wale wanaume wakasema kazidisha ulanzi, tangu jioni anatapika. Nguo zimelowa jasho, udenda unatoka kama bomba limeachwa wazi, na amejiharia. Sista akasikia kifua kinapiga filimbi akadhani pumu, akaanza kutafuta mashine ya mvuke. Kipimo cha malaria hakina kitu, sukari iko sawa, oksijeni inasoma 78, mapigo 48.

Hapo kwenye 48 ndo Upendo alishtuka, maana mtu anayehangaika kupumua hivyo moyo unatakiwa uwe unakimbia. Akachukua tochi akafungua jicho. Mboni ndogooo, na ukiinama karibu unasikia harufu fulani kama ya kitunguu saumu.

"Mama, leo alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anapiga dawa nyanya dokta, tangu mchana. Bomba linavuja mgongoni, nikamwambia badilisha shati akasema anamalizia kwanza."

"Kaka, hii sio pombe wala pumu," Upendo akamwambia afisa tabibu wa zamu, sauti inatetemeka ila maneno yamenyooka, "ni sumu ya dawa ya wadudu, naomba tuanze atropini."

Yule kaka akaangalia macho mwenyewe, akasikiliza kifua, akasema haya twende. Glavu kwanza, kila mtu, maana ile sumu inapita kwenye ngozi na lile shati bado lilikuwa limejaa. Wakamnyonya udenda, oksijeni ikawekwa, mshipa ukapatikana, huku wale wanaume wakikata nguo kwa mkasi na kuzitia kwenye mfuko wa plastiki, halafu maji mengi na sabuni, mgongo, kwapa, nywele, kucha.

Atropini, dawa ya kukausha yale maji ya kifuani, wakaanza na miligramu 2. Dakika 5, kifua bado kinakoroma, wakaongeza mara mbili, 4. Dakika 5 nyingine oksijeni imefika 86 ila bado maji yapo sehemu ya chini ya mapafu, kwa hiyo inayofuata ni 8, na droo ya dharura imeisha maana kila ampuli ni miligramu 1 tu! Sista akatoka mbio kwenda chumba cha upasuaji. Huku nyuma Upendo kashika kichwa cha mgonjwa kimelala ubavu, anamnyonya udenda, na anamuongelesha kwa jina. Sista alivyorudi wakakaa wawili wanavunja shingo za ampuli mojamoja na kuvuta kwenye bomba la sindano, kazi inayoonekana ndogo ila mikono ikitetemeka kila ampuli inakuwa ndefu kama nini.

Baada ya ile 8 Upendo akaweka stetoskopu mgongoni, chini kulia, chini kushoto. Hewa inaingia safi. Kwapa kavu. Mapigo 112, oksijeni 95.

"Mboni bado ndogo," yule kaka akasema, "tuongeze?"

"Hapana kaka. Kifua kimekauka, kwapa limekauka, presha iko vizuri. Mboni zinachelewa, tukizifuata tutamzidishia, ataanza homa na kuweweseka."

Kaka akakubali kwa kichwa, akamwambia haya piga hesabu ya dripu. Jumla miligramu 14, asilimia 10 kwa saa ni 1.4, na mtu wa kukaa pembeni anasikiliza kifua kila baada ya muda mfupi, maana hii sumu inaweza kurudi na misuli ya kupumua ikachoka hata siku zinazofuata. Upendo akaandika kwenye faili, akaandika pia na rufaa iandaliwe kama pumzi itabadilika.

Halafu akamfuata yule mama kwenye benchi.

"Mama, anapumua vizuri sasa ila bado tunamwangalia. Lile bomba na dawa iliyobaki viko wapi?"

"Chumbani, chini ya kitanda. Watoto wamelala humohumo."

"Una simu? Mpigie jirani saa hizi hizi awatoe watoto, madirisha yafunguliwe, bomba litoke nje kwa glavu au mfuko mkononi. Piga nikiwa hapa nimsikie."