Harambee ya Mifuko ya Ramadhani: maelezo ya picha, Shaaban hadi Idi

Ijumaa, 9 Shaaban. Picha: lango la msikiti

Assalaam alaykum. Ndugu zetu katika imani na majirani wote wa Ngamiani, Tanga: kamati ya zaka na sadaka ya msikiti inakusanya vyakula vya kaya 120 kabla Ramadhani haijaandama. Mapokezi yanaanza kesho Jumamosi, 10 Shaaban, na kufungwa Alhamisi, 22 Shaaban. Mahali ni chumba cha nyuma ya msikiti, mlango wa upande wa madrasa. Nyakati ni mbili: baada ya Alasiri hadi Magharibi, na nusu saa baada ya Isha. Tafadhali msiache mizigo barazani nje ya saa hizo, hakuna mlinzi wa mchana.

Jumamosi, 10 Shaaban. Picha: mfuko mmoja uliofunguliwa

Kila kaya inapata mchele kilo 5, sembe kilo 5, maharage kilo 2, sukari kilo 2, tende nusu kilo na mafuta ya kupikia lita 1. Kwa jumla tunahitaji mchele kilo 600, sembe kilo 600, maharage na sukari kilo 240 kila kimoja, tende kilo 60, mafuta lita 120.

Mwenye uwezo wa kilo moja alete kilo moja, inapokelewa kwa heshima ileile. Tunaomba tu sembe iwe kwenye pakiti ya kiwandani ambayo haijafunguliwa. Unga wa kupima huingia wadudu kabla ya kufika kwa mlaji. Sukari ya kupima ifungwe mifuko miwili, kwa unyevu wa Tanga mmoja hautoshi. Tarehe ya mwisho ya matumizi isipungue miezi mitatu mbele. Nguo hatupokei safari hii, chumba ni kimoja.

Jumatatu, 12 Shaaban. Picha: daftari la risiti

Wanaotoa fedha: mweleze mhazini ni ZAKA au ni SADAKA kabla hajaandika risiti. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na haichanganywi na kapu la sadaka. Sadaka tunaweza kumpa jirani yeyote mwenye shida, Mwislamu au asiye Mwislamu. Fedha isiyo na maelezo inaingia sadaka.

Lipa namba ya kamati imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, chini ya muhuri. Hapa hatuiandiki kwa makusudi. Ukitumiwa namba kwa meseji kwa jina la msikiti, usilipe.

Jumatano, 21 Shaaban. Picha: magunia ya mchele

Mchele umetimia, alhamdulillah. Maharage bado, tumepata kilo 150 tu. Aliyekusudia kuleta mchele leo au kesho, tunamwomba abadilishe alete maharage.

Alhamisi, 22 Shaaban. Picha: mizani

Wa kujitolea 20 wanahitajika kesho baada ya Alasiri kufunga mifuko. Sembe na mchele chini, maharage na sukari katikati, tende juu. Mafuta hayaingii mfukoni kabisa: chupa moja ikivuja, sembe yote imekwisha. Yatatolewa mlangoni. Kila mfuko upimwe kabla ya kufungwa, uwe kilo 14 na nusu. Ukipungua, kuna kitu kimesahaulika.

Ijumaa, 23 Shaaban. Picha: kadi tupu

Ugawaji ni Jumamosi na Jumapili, saa 3 hadi saa 6 mchana, kwa kadi zilizokwisha kutolewa kupitia kwa wajumbe wa mitaa. Rangi ya kadi ndiyo siku yako: kijani Jumamosi, nyeupe Jumapili. Wazee, wagonjwa na wajawazito wasije, mzigo ni mzito. Vijana watawapelekea nyumbani. Simu zenye kamera zibaki mfukoni. Hatupigi picha za wanaopokea, na tunaomba mtu yeyote asipige.

Jumatatu, 26 Shaaban. Picha: chumba kitupu

Mifuko 120 imetoka yote. Maharage kilo 90 zilizopungua zilinunuliwa soko la Mgandini kwa fedha za sadaka. Mchele ulizidi kilo 75. Kwa idhini ya waliotoa, umewekwa kwa futari ya msikitini. Hesabu kamili iko ubaoni. Jazakumullahu khairan.

20 Ramadhani. Picha: pishi ya mchele

Zakatul fitri: pishi moja ya chakula kikuu kwa kila mtu wa nyumba yako. Kamati inahesabu kilo 3 za mchele kwa tahadhari. Mtoto aliyezaliwa kabla ya jua kuzama siku ya mwisho ya Ramadhani anatolewa; aliyezaliwa baada ya hapo, hapana. Kwa madhehebu ya Shafi hutolewa chakula, hivyo ukileta fedha unaipa kamati uwakala ikununulie mchele. Fedha mwisho tarehe 27, tupate muda wa kwenda sokoni. Mchele tunapokea hadi usiku wa kuamkia Idi, na utakuwa umefika kwa wenyewe kabla ya swala.