Mstari wa Mwani

Treni iliwashusha Miritini usiku, kwa hiyo Shamimu hakuiona bahari siku ile. Aliisikia tu. Nyumba waliyopanga Bamburi ilikuwa nyuma ya safu ya mivinje, na usiku kucha mvumo uliingia dirishani pamoja na upepo wa kaskazi. Mara mbili mtoto alimwamsha bibi yake kumuuliza kama mvua imeanza kunyesha.

Asubuhi, karibu saa nne, Bibi Zaituni alitandika leso chini ya mvinje, akaketi miguu ameinyoosha. Magoti yalikuwa bado yanamuuma kwa safari ya basi kutoka Jinja, ile ya kukesha umekunjika hadi Malaba, ushuke na karatasi mkononi, upande tena mpaka Nairobi. Hakujali. Macho yake yalikuwa kwa mjukuu.

Shamimu, miaka sita, alikimbia mbele ya baba yake mpaka mwisho wa mchanga mkavu, mahali palipolala mstari mrefu wa mwani mweusi uliokauka. Hapo akasimama ghafla.

Maji hayakuwepo. Ulikuwepo uwanda wa mchanga mgumu wenye mikunjo, vidimbwi huku na huku, mashua mbili zimelala ubavu, na mbali sana ukanda mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Mvumo wa usiku ulitoka kule.

"Jaja," alimwita bibi yake bila kugeuka, "ziwa lao limekauka."

Mzee mmoja mwenye mashua alikuwa akikwangua tumbo la chombo chake hapo karibu. Alimwamkia Bibi Zaituni, kisha akachuchumaa kando ya mtoto.

"Halijakauka, mama. Leo ni bamvua. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hutoka sana na kujaa sana. Sasa yametoka. Saa kumi yatakuwa hapa." Akagusa mwani mkavu kwa kidole. "Huu umeletwa na maji ya jana."

Shamimu aliutazama mwani, akautazama mwamba kule mbali, akarudi nyuma hatua moja.

Haruna, baba yake, alikuwa amekwisha kuvua makubadhi. "Twende tukaone samaki kwenye vidimbwi." Akamshika mkono. Mtoto akauvuta mkono wake, akamgeukia bibi kwa uso ambao Bibi Zaituni aliujua vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuvaa.

Kule Masese, Jinja, nyumba yao iko hatua mia mbili kutoka Ziwa Viktoria. Shamimu hajawahi kutia hata kidole cha mguu. Sheria ni ya Jaja, na haina siku ya mapumziko: maji ya ziwa hulala kwenye jerikani siku mbili kabla ya mtu kuyaoga, maana vijidudu vya kichocho vikikosa mwili wa kuingia hufa, na ukiona konokono kwenye magugu ya ukingoni, unarudi nyumbani. Haruna akiwa na miaka tisa alijaa tumbo, akatoa damu chooni, akawa mwepesi kama fagio. Shuleni walimsimamisha kwenye fimbo ya kupimia kimo, wakahesabu vidonge kwa urefu wake, vikubwa, vichungu, akavitapika mara ya kwanza kwa sababu alivimeza tumbo tupu. Alipona. Lakini tangu siku zile mama yake hakuingia tena majini, wala hakumruhusu mtu wa nyumba yake.

"Nenda na baba," alisema sasa. Sauti ilitoka ndogo.

Shamimu aliinama, akaokota kitu kutoka kwenye mwani. Kome, amejizungusha kama kilemba. Ndani yake miguu myembamba ikachomoza. Mtoto akapiga yowe, akakirusha.

"Konokono! Jaja, kuna konokono hapa pia!"

Akarudi mbio, akajikunja mgongoni kwa bibi yake. Haruna alicheka kidogo, akaona uso wa mama yake, akanyamaza. Akaenda vidimbwini na mkewe Sauda, mfuko wa chakula begani.

Bibi Zaituni alimweka mtoto mapajani. Akamweleza taratibu, kama anavyochambua mchele. Yule si konokono; ni kaa mdogo asiye na gamba la nyuma, anaazima nyumba ya kome aliyekufa. Na konokono wa kichocho ni wa maji baridi: ziwa, mto, bwawa, mfereji wa shamba. Chumvi ya bahari hawaiwezi, wala ugonjwa wenyewe hauishi humu.

"Basi humu hamna kibaya?"

Hapo Bibi Zaituni hakutaka kumdanganya, akamwita mzee. Mzee akasema vipo. Kuna kome wenye umbo la pia, wenye marembo mazuri, walio hai huchoma kwa sumu; hawaokotwi hata wakipendeza. Kuna wanyama weusi wa miiba kwenye mawe, ndiyo sababu watu huvaa viatu mwambani. Mchangani hapa, mtoto atembee bila wasiwasi.

"Hatuokoti kilicho hai," alisema Bibi Zaituni. "Tunatazama tu." Hii nayo ikawa sheria, na Shamimu akatulia kidogo, kwa kuwa sheria anazizoea.

Lakini hakwenda. Alikaa kwenye mstari wa mwani akisubiri.

Saa ya kwanza usingesema maji yanakuja. Ya pili, vidimbwi viliungana. Saa ya tatu na ya nne ndizo bahari hukimbia, na Haruna hakulijua hilo. Alikuwa amesimama kwenye tuta la mchanga, akitazama mwambani, akidhani maji yatamjia kutoka mbele. Yalipita nyuma yake kwanza, kwenye mfereji uliokuwa kati ya tuta na ufuo. Bibi Zaituni aliyaona. Akasimama, magoti na yote, akaita jina la mwanawe kwa sauti aliyokuwa akiitia Masese. Walirudi maji yakiwa mapajani, chapati zimelowa, kubadhi moja limekwenda.

Shamimu hakucheka. "Baba, maji yalikuzunguka," alimwambia kwa upole.

Saa kumi kasorobo mashua zilikuwa zimeinuka zinaelea. Povu lilifika hatua tano kutoka kwenye mwani. Hatua tatu. Bibi Zaituni akavua viatu. Akajifunga leso juu ya magoti, akamshika Shamimu mkono, wakasimama bega kwa kiganja.

Wimbi liliwafika vifundoni. Lilikuwa vuguvugu. Mkono mdogo ukakaza mpaka kucha zikauma, na maji yakaanza kurudi.

"Jaja, inanivuta!"

"Haikuvuti. Ni mchanga unaondoka chini ya visigino. Tanua miguu. Inua kidole gumba. Umeona?"

Mtoto alitazama miguu yake ikizama, minne, ya kwake na ya bibi yake. Wimbi jingine. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akakunja uso.

"Hii chumvi ndiyo inawazuia konokono?"

"Ndiyo hiyo."

Alifikiri. Kisha akaufungua mkono wake, akaenda hatua mbili peke yake, maji yakamfika magotini. Akageuka.

"Mpaka hapo," alisema Bibi Zaituni. "Hapo nimekuruhusu."

Shamimu akapiga maji kwa viganja vyote viwili, yakamrukia usoni na mdomo uko wazi. Sauda alitaka kwenda kumfuta. Mama mkwe akamzuia kwa mkono.

"Jaja, kesho yatakuja tena saa kumi?"

Bibi Zaituni akamtazama mzee wa mashua.

"Kesho yatachelewa," alisema mzee. "Zaidi ya nusu saa."

Shamimu alitoka majini, akaokota ukuti, akauchomeka wima kwenye mwani.