Faharasa ya Maneno ya Ununuzi wa Umma kwa Walimu Wakuu, Waganga Wafawidhi na Watendaji wa Kata

Rasimu ya pili, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, Halmashauri ya Wilaya

Faharasa hii ni kwa ajili ya wenzetu wanaonunua kwa fedha za umma bila kusomea ununuzi. Maneno yamepangwa kwa kufuata njia ya ununuzi, tangu kupanga hadi kukabidhiwa kazi. Msingi wake ni Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 na Kanuni zake za mwaka 2024. Maneno ya dhamana tumeyaeleza kwa urefu kwa sababu ndiko fedha za umma zinakopotea kimyakimya. Viwango na asilimia zilizo kwenye mifano ni za kuelezea tu. Kwa kazi yako fuata nyaraka za zabuni husika.

Taasisi nunuzi. Ofisi yoyote ya umma inayonunua. Shule na zahanati yako zimo.

Afisa masuuli. Mkuu anayewajibika kwa fedha na ununuzi wa taasisi. Kwenye halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji.

Mpango wa ununuzi wa mwaka. Orodha ya vyote vitakavyonunuliwa mwaka huo wa fedha, njia ya kuvinunua na muda wake. Kisichomo kwenye mpango hakinunuliwi mpaka mpango uhuishwe. Kukata mahitaji vipandevipande ili kila kipande kiangukie njia nyepesi ni kosa, hata kama bei ni nzuri.

NeST. Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma nchini, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Zabuni hutangazwa, huwasilishwa na kufunguliwa humo.

Makundi maalumu. Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi itengwe kwa ajili yao. Zisipotengwa wakati wa kupanga, mwisho wa mwaka hakuna cha kuwapa.

Mkataba maalumu. Makubaliano ya muda fulani kati ya mnunuzi na mzabuni mmoja au zaidi, yanayoweka masharti na bei, au namna ya kupata bei, ya bidhaa na huduma zinazohitajika mara kwa mara: shajara, matairi, vifaa vya usafi, matengenezo ya magari. Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini (GPSA) ndio huingia mikataba hii kwa niaba ya taasisi nyingi.

Mambo mawili huwachanganya watu. Kwanza, kwa kawaida mkataba maalumu wenyewe haununui kitu. Ununuzi hutokea unapotoa oda chini yake, na oda hiyo inahitaji fedha zilizotengwa na idhini kama ununuzi mwingine. Idadi iliyotajwa huwa ni makadirio, si ahadi, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Pili, kuwa na mkataba hakukuzuii kufikiri. Kama mkataba una wazabuni watatu wa karatasi na masharti yanataka washindanishwe upya kwa kila oda, washindanishe. Kumrudia yule yule kila mara kwa kuwa simu yake iko karibu ni kuua faida yote ya mkataba.

Uhai wa zabuni. Siku ambazo mzabuni amefungwa na bei na masharti aliyoyatoa.

Dhamana ya zabuni. Ahadi ya maandishi ya benki au kampuni ya bima kumlipa mnunuzi kiasi fulani mzabuni akikiuka ahadi ya zabuni yake. Hutwaliwa mzabuni akijitoa kabla uhai wa zabuni haujaisha, akikataa masahihisho ya hesabu yaliyofanywa kihalali, au akishinda kisha akagoma kusaini mkataba ama kuleta dhamana ya utendaji. Haitwaliwi kwa sababu ameshindwa. Aliyeshindwa arudishiwe yake bila kufuatwafuatwa, maana benki huenda imemzuilia fedha zake mpaka karatasi ile irudi.

Kagua tarehe kabla ya kitu kingine. Nyaraka sanifu za Benki ya Dunia hutaka dhamana iishi siku 28 zaidi ya uhai wa zabuni. Zabuni zikifunguliwa 3 Machi 2025 kwa uhai wa siku 90, uhai unakwisha 1 Juni na dhamana iishi hadi 29 Juni. Ukiomba uhai uongezwe, omba na dhamana iongezwe. Mzabuni ana haki ya kukataa nyongeza hiyo, na akikataa hatozwi chochote.

Tamko la dhamana ya zabuni. Mzabuni hasaini kwa fedha bali kwa jina lake: akikiuka, anakubali kuzuiwa kushiriki zabuni kwa muda uliotajwa. Kwa kazi ndogo na kwa makundi maalumu tunaona hii ndiyo njia ya haki, kwa sababu kikundi cha mafundi seremala wa kata hakina rehani ya kupeleka benki.

Masahihisho ya hesabu. Madawati 40 kwa shilingi 75,000 kila moja ni 3,000,000. Mzabuni akiandika jumla ya 3,300,000, kwa kawaida bei ya kimoja ndiyo inayoshika.

Dhamana ya utendaji. Huletwa na mshindi baada ya kupewa tuzo, ili mnunuzi afidiwe kazi ikitelekezwa au ikifanywa ovyo. Kwa mkataba wa jengo la wagonjwa wa nje wa shilingi 180,000,000, dhamana ya asilimia 10 ni 18,000,000. Isichanganywe na dhamana ya zabuni: ile hulinda ahadi ya kusaini, hii hulinda kazi yenyewe. Usirudishe ya kwanza kabla ya kuipokea ya pili.

Soma maneno yake. “Tutalipa mara tupokeapo dai lenu la kwanza la maandishi” ni dhamana ya kulipwa kwa kudai. “Tutalipa baada ya kuthibitika kuwa mkandarasi amekiuka mkataba” ni dhamana yenye masharti, na uthibitisho huo unaweza kukupeleka mahakamani huku jengo likiota majani. Ikiwa nyaraka zako zimetaka ya kwanza, usipokee ya pili. Kisha iandikie benki au kampuni ya bima yenyewe kuthibitisha kuwa dhamana ni yake, kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyochapwa juu ya barua uliyoletewa.

Dhamana ya malipo ya awali. Hulinda fedha alizotangulizwa mkandarasi. Akipewa 27,000,000, dhamana ni ya kiasi hicho hicho, nayo hupungua kadiri fedha zinavyokatwa kwenye hati zake za malipo. Hakuna dhamana, hakuna malipo ya awali.

Fidia ya ucheleweshaji. Kiasi kilichokubaliwa mapema kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa asilimia 0.1 kwa siku, mkataba wa 180,000,000 unatozwa 180,000 kila siku. Kikomo kikiwa asilimia 10, kinafikiwa siku ya 100. Kikifikiwa, kaa na mwanasheria kuhusu kuvunja mkataba.

Nyongeza ya muda. Huombwa na kuidhinishwa kwa maandishi. Ukiitoa, angalia siku hiyo hiyo tarehe ya mwisho ya dhamana ya utendaji. Kazi ikisogezwa hadi Novemba na dhamana ikafa Septemba, halmashauri inabaki na karatasi tupu.

Kipindi cha matazamio. Muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama zake. Orodha ya kasoro andikeni mkiwa ndani ya jengo, chumba kwa chumba, mfungue kila bomba na kila mlango. Fedha zilizobaki kati ya zile zilizozuiliwa kwenye malipo ya mkandarasi zitoke baada ya kasoro hizo kukaguliwa tena na kusainiwa na mhandisi.