Kutafsiri mwenyewe na kutaja chanzo: je, ni wizi wa kitaaluma?

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaosoma vyanzo vya lugha za kigeni huku wakiandika tasnifu kwa Kiswahili.

Nimetafsiri aya ya kitabu cha Kifaransa, nikataja mwandishi, mwaka na ukurasa. Nimeiba?

Huenda hujaiba, lakini kutaja chanzo pekee hakukuvushi. Msomaji anadai kujua mambo mawili: wazo limetoka kwa nani, na sentensi anazozisoma zimetungwa na nani. Jina, mwaka na ukurasa hujibu la kwanza tu. Akikuta rejeo mwishoni mwa sentensi isiyo na alama za mtajo, huchukulia kwamba ulisoma, ukaelewa, kisha ukaeleza kwa namna yako. Ikiwa ulifuata chanzo sentensi kwa sentensi, umemwachia picha isiyo ya kweli hata kama jina la mwandishi lipo. Mara nyingi maneno mawili humaliza tatizo: *tafsiri yangu*.

Lakini maneno yote ya Kiswahili nimeyachagua mimi. Yanakuwaje ya mwingine?

Uliyochagua ni maneno. Mpangilio wa hoja, mifano, kinachotangulia na kinachofuata, hata mahali sentensi inapokatikia, vyote ni vya mwandishi wa kwanza, na hiyo ndiyo kazi ambayo mtahini anataka kuiona kwako. Sheria ya hakimiliki nayo inaelekea huko huko. Mkataba wa Berne wa 1886, katika Kifungu cha 8, unampa mwandishi haki ya kutafsiri kazi yake au kumruhusu mwingine aitafsiri. Tafsiri yako hulindwa kama kazi, ila bila kugusa haki za mwenye matini asilia.

Niweke alama za mtajo au nisiweke?

Tazama kwanza mtindo ambao idara yako inautumia, kwa kuwa mitindo haikubaliani. APA, toleo la 7, huhesabu tafsiri uliyoifanya mwenyewe kuwa ufafanuzi kwa maneno mengine: huweki alama za mtajo, unataja mwandishi na mwaka. (Ukinukuu tafsiri ya mtu mwingine iliyokwisha kuchapishwa, hiyo ni nukuu ya kawaida na alama zinawekwa.) MLA huweka alama, na ndani ya mabano ya rejeo huongeza kwamba tafsiri ni yako. Chicago hukubali uandike hivyo kwenye kila nukuu, au uweke tanbihi moja mwanzoni: *Tafsiri zote ni zangu isipokuwa pale nilipoeleza vinginevyo.*

Kanuni ya APA hutumiwa vibaya sana. Kuondolewa kwa alama si ruhusa ya kutafsiri kurasa mbili na kuzipanga kama maelezo yako. Ukifuata chanzo kwa karibu, sema hivyo ndani ya sentensi: “Aya hii ni tafsiri yangu ya maelezo ya mwandishi katika ukurasa wa 87.” Hakuna mtindo unaokukataza kusema kweli namna hiyo.

Rejeo moja mwishoni mwa aya tatu halitoshi?

Halitoshi, na hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibika bila mwandishi kukusudia ubaya. Chukua mfano wa sura ya mapitio kuhusu udongo. Aya ya kwanza inasema: “Udongo wa mfinyanzi hushika maji kwa muda mrefu kwa sababu chembe zake ni ndogo na nafasi kati yake ni finyu.” Aya ya pili inaingia kwenye mizizi, ya tatu kwenye mbolea, na rejeo la makala ya Kijerumani linakuja mwisho kabisa wa aya ya tatu. Msomaji ataona sentensi ya mwisho tu ndiyo iliyoazimwa. Mtahini akiifungua makala yenyewe na kukuta aya zile zile tatu, kwa mfuatano ule ule na mifano ile ile, hatakubali kwamba chanzo kilitajwa. Kilitajwa kwa sentensi moja, zilizobaki umezifanya zako.

Rekebisha kwa njia moja kati ya hizi. Ama uinukuu tafsiri waziwazi, fupi kadiri hoja yako inavyohitaji, ukiitambulisha kabla haijaanza. Ama uifunge makala, uandike ulichokielewa ukilenga swali la utafiti wako, kisha urudi kuhakiki ukweli na kuweka rejeo pale wazo linapoanza. Kubadilisha neno hapa na pale katika tafsiri iliyokwisha kuandikwa hakusaidii kitu, maana mifupa ya hoja inabaki ya mwandishi wa kwanza.

Niweke na maneno asilia?

Ndiyo, pale hoja yako inaposimama juu ya neno lenyewe: ushairi, kifungu cha sheria, fasili, au istilahi yenye ubishi. Weka tafsiri ndani ya matini na asilia kwenye tanbihi au mabano, kwa mfano: Descartes aliandika, “Nafikiri, kwa hiyo nipo” (*je pense, donc je suis*, tafsiri yangu). Msomaji anayejua lugha hiyo ataweza kukupima. Kwa takwimu au maelezo ya kawaida haina haja.

Mwandishi wa Kijerumani amemnukuu Mwingereza. Nitafsiri kutoka Kijerumani?

Kitafute Kiingereza chenyewe. Maneno yaliyopita lugha mbili huwa yamepoteza sura, na ukiyazungushia alama za mtajo unamwekea mtu kinywani asichokisema. Ukikikosa kabisa, eleza wazo bila alama na uandike *kama alivyonukuliwa katika*, ukitaja kitabu ulichokishika mkononi.

Kwenye orodha ya marejeo niandike jina la kitabu kwa Kiswahili?

Andika jina kama lilivyochapishwa. APA huongeza tafsiri ya jina ndani ya mabano ya mraba. Ukiweka Kiswahili peke yake, msomaji atatafuta kitabu kisichokuwapo.

Programu ya ufanano imetoa asilimia ndogo. Niko salama?

Asilimia hiyo hueleza tu kwamba mfuatano wa maneno haukulingana na kilichomo kwenye hifadhi yake. Tafsiri hupita kirahisi. Msimamizi aliyesoma makala ile haimpiti.

Nikitafsiri makala nzima na kumtaja mwandishi?

Ukisema wazi kuwa ni tafsiri, si wizi wa kitaaluma, ila haitahesabiwa kuwa utafiti wako. Ukitaka kuichapisha, omba ruhusa kwa mwenye haki. Kifungu cha 10 cha Mkataba wa Berne kinaruhusu nukuu zisizozidi kiasi kinachohitajika kwa lengo lake, na makala nzima ni vigumu kuiita nukuu. Ulinzi kwa jumla hudumu si chini ya uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimefika 70.

Nizuieje kosa hili tangu mwanzo?

Kwenye daftari la kusomea, weka herufi moja mbele ya kila dondoo: A kwa maneno asilia yaliyonakiliwa, T kwa tafsiri yako, M kwa maelezo yako, na ukurasa papo hapo. Baada ya miezi kadhaa tafsiri nzuri husomeka kama wazo lako mwenyewe, nawe hutakumbuka. Wakati wa kuandika, kila T iingie na tamko la tafsiri au iandikwe upya kutoka mwanzo, na isiachwe ipite kama M.