Faharasa ya Mikopo, Kiingereza na Kiswahili: kwa maafisa mikopo, wahasibu na wafasiri wa tawi la Tanga

Neno la kwanza katika kila kiingilio ni lile linaloonekana kwenye skrini ya mfumo wa mikopo na katika ripoti tunazopeleka kwa wafadhili. Linalofuata ni neno la kuandika kwenye mkataba, stakabadhi na ujumbe wa simu. Penye maneno mawili yanayotumika mitaani, tumechagua moja. Mteja anayesaini mkataba wenye "rejesho", akapokea ujumbe wenye "awamu", kisha afisa akampigia simu kuulizia "makato", ana haki ya kudhani anadaiwa vitu vitatu.

Kipimo chetu katika kuchagua ni kimoja: mama lishe wa Ngamiani akisomewa sentensi mara moja, aweze kusema kwa maneno yake atalipa nini na lini. Neno lililomo kwenye kamusi lakini likashindwa hapo tumeliacha, hata kama ni zuri.

Arrears: malimbikizo ya marejesho. Ni kiasi ambacho tarehe yake imepita bila kulipwa, si deni lote. Usimwambie mteja "unadaiwa 540,000" wakati malimbikizo ni 90,000. Taja malimbikizo kwanza, kisha salio, kila kimoja kwa jina lake.

Balance: salio. Kwenye hesabu za mwaka, `Balance sheet` ni mizania.

Collateral: dhamana, yaani mali. Mtu anayesimama nyuma ya mkopaji ni mdhamini (tazama `Guarantor`). Kwenye fomu tuandike "mali iliyowekwa dhamana" kila mara, kwa sababu "dhamana" peke yake huwapeleka wengi polisi na mahakamani.

Default: kushindwa kulipa. Tunalitumia pale tu mkataba unaposema hali hiyo imefikiwa. Kabla ya hapo mteja amechelewa, basi. "Mdaiwa sugu" lisiandikwe kwenye faili la mtu aliyechelewa wiki moja. Faili husomwa na wengi, na jina la mtu likishachafuka halisafishiki kwa kulipa.

Deposit: amana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne. Sisi tumo daraja la pili, la wasiopokea amana. Kwa hiyo neno hili, pamoja na "akiba", halipaswi kuonekana kwenye stakabadhi yetu yoyote. Likionekana kwenye ripoti ya Kiingereza kuhusu fedha za vikundi, mfasiri asitafsiri tu. Amuulize mhasibu fedha hizo ni nini hasa na zimewekwa wapi.

Disbursement: utoaji wa mkopo. Kwa wakala wa simu, "kutoa pesa" ni mteja kuchukua fedha zake mwenyewe, na mfumo huita hilo `Withdrawal`. Ujumbe useme: "Mkopo wako wa shilingi 600,000 umeingizwa kwenye namba yako." Tusiandike "umetolewa", wapo wanaodhani fedha zimeondoka kwao.

Flat rate: riba ya mkopo wote. Riba hukokotolewa kwa kiasi cha awali hadi mwisho, hata kama mteja amekwisha rejesha nusu. Mfano uko kwenye `Reducing balance`, na visomwe pamoja.

Grace period: kipindi cha neema. Jina limeshazoeleka, kwa hiyo tumeliacha, lakini lisisemwe bila maelezo. Mteja husikia neema, akaelewa msamaha. Katika mikataba yetu riba inaendelea kuhesabiwa ndani ya kipindi hicho. Kinachosogezwa ni tarehe ya rejesho la kwanza tu. Sentensi hiyo isomwe kwa sauti kabla ya saini.

Group guarantee: kudhaminiana. Kila mwanakikundi aambiwe wazi kwamba mwenzake akishindwa, yeye atachangia.

Guarantor: mdhamini. "Shahidi" ni mtu mwingine kabisa: ameshuhudia saini, halipi kitu. Wadhamini kadhaa huja ofisini wakiamini wameitwa kushuhudia.

Instalment: rejesho, wingi, marejesho.

Interest: riba. Lisibadilishwe kuwa "faida", "ongezeko" wala "ada" ili kulipoza. Tanga ina wateja wengi Waislamu, na baadhi yao wana msimamo wa dini kuhusu riba. Wana haki ya kujua wanachosaini, na kumficha mtu jambo la imani yake ni dhuluma. Mikopo ya kausha damu nayo imestawi kwa majina ya kupendeza namna hiyohiyo. "Faida" ibaki kwa biashara ya mteja, na ada ni ada.

Non-performing loan: mkopo chechefu. Ni la ripoti, halisemwi mbele ya mteja.

PAR 30: mikopo iliyo hatarini, siku 30. Hesabu yake:

```
PAR 30 = salio la mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 / salio la mikopo yote x 100
```

Juu huingia salio zima la mkopo uliochelewa, si malimbikizo peke yake. Mfasiri akiandika "malimbikizo ya siku 30", namba itaonekana ya kitu kingine.

Principal: mkopo wa msingi. Tumeacha "mtaji", kwa sababu kwa mfanyabiashara mtaji ni fedha zake za kuendeshea biashara.

Reducing balance: riba ya salio linalopungua. Chukua mkopo wa 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3 kwa mwezi. Kwa riba ya mkopo wote, kila mwezi ni 18,000, jumla 108,000. Kwa salio linalopungua, mteja akirejesha 100,000 za msingi kila mwezi, riba ni 18,000, kisha 15,000, 12,000, 9,000, 6,000 na 3,000, jumla 63,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 45,000. Ndiyo maana kutaja "asilimia 3" bila kutaja aina ya riba hakuruhusiwi, si kwenye kipeperushi, si kwa mdomo.

Reschedule: kupanga upya marejesho. Muda ukirefuka na riba ikaongezeka, ongezeko litajwe kwa shilingi.

Spouse consent: ridhaa ya mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaka. Tusiandike "ruhusa ya mume".

Top-up: nyongeza ya mkopo.

Waiver: msamaha. Daima taja cha nini: msamaha wa faini, msamaha wa riba.

Write-off: kuondoa mkopo vitabuni. Wahasibu wengi husema "kufuta mkopo", na kati yao wanaelewana. Nje ya chumba cha hesabu, deni lililofutwa ni deni lililokwisha. Mteja akiambiwa limefutwa, kisha afisa akabisha hodi mwezi unaofuata, ataona ametapeliwa, na kikundi kizima kitasimama upande wake. Kuondoa vitabuni ni hatua ya kihesabu ya kwetu. Mteja bado anadaiwa hadi alipe au apewe msamaha kwa maandishi. Kwa hiyo "kufuta" limeondolewa kwenye barua na ujumbe wote. Mteja akiuliza, jibu ni hili: "Mama, deni lako bado lipo, ni shilingi 210,000. Riba yake imesimama tangu Januari. Tukae tupange utalipaje."