Jibu la barua yenu ya 2 Juni 2025 kuhusu ukaazi wangu wa kodi, mwaka 2024

Ndugu Afisa, habari za kazi.

Barua yenu nimeipata kwenye imeili na nimeisoma zaidi ya mara tatu. Mmenipa siku 30 za kujibu, leo ni 20 Juni kwa hiyo niko ndani ya muda, nilichelewa kidogo kwa sababu sikutaka kuandika tarehe za kichwani, nimesubiri mpaka nimeshika pasipoti zote mbili, ya zamani na hii mpya, ndo nikaanza kuhesabu.

Mmeuliza mambo mawili, siku nilizokaa nyumbani na vitu vinavyonifunga na nyumbani. Naanza na siku maana hapo ndo kuna kosa na kosa lenyewe ni kubwa.

Mmeandika kwamba mwaka 2024 nilikuwa nchini siku 233. Hesabu yangu mimi ni siku 91. Mwanzoni nilishtuka nikadhani mmenichanganya na mtu mwingine, lakini nilipokaa na kalenda nikaona namba yenu imetoka wapi. Niliingia 20 Aprili 2024, na nilitoka 8 Desemba 2024. Ukihesabu moja kwa moja kuanzia siku ile ya kuingia mpaka ile ya kutoka unapata 233 kamili. Maana yake mfumo umeona nimeingia Aprili, haukuona nimetoka, ukanihesabu niko nchini mfululizo mpaka Desemba. Lakini mimi nilitoka 12 Mei nikarudi tena 2 Oktoba, hizo siku 142 za katikati nilikuwa huku kazini. 233 ukitoa 142 unabaki na 91.

Kwa nini kutoka kwangu hakuonekani nadhani najua. Safari ile sikuondokea uwanja wa ndege wa nyumbani, nilipanda basi nikavuka mpaka wa barabara kwenda nchi jirani, nikalala huko, kesho yake 13 Mei nikapanda ndege ya kuja huku kwa sababu tiketi ya kutokea kule ilikuwa rahisi sana. Pale mpakani palikuwa na foleni ndefu na afisa alikuwa anagonga mihuri kwa mkono. Mhuri wangu uko ukurasa wa 17 wa pasipoti, umegongwa juu ya kona ya viza ya zamani na wino umefifia, siku inasomeka 12 na mwaka unasomeka, ila mwezi mpaka uinamishe ukurasa kwenye mwanga. Nimeupiga picha mara nne kwa pembe tofauti nimeambatanisha zote. Pembeni yake kuna mhuri wa kuingia nchi jirani wa tarehe hiyohiyo na huo unasomeka vizuri kabisa. Pia nimeweka tiketi ya basi, kipande cha tiketi ya ndege ya 13 Mei, na mhuri wa kuingia huku wa siku hiyo. Mtu hawezi kuingia nchi mbili nyingine bila kutoka ya kwanza, kwa hiyo naomba hilo mliangalie kwa makini.

Naomba mliangalie kwa sababu mhuri huo mmoja ndo umebeba hesabu yote. Barua yenu imetaja kipimo cha siku 183 ndani ya mwaka, halafu ikataja kile cha wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka husika pamoja na miwili ya nyuma yake. Mwaka 2022 nilikuwa nyumbani siku 94, yaani 1 Januari mpaka nilipoondoka 20 Machi ni siku 79, na likizo ya kuanzia 17 Desemba mpaka mwaka unaisha ni 15. Mwaka 2023 ni siku 54, zile 6 za mwanzo wa Januari kumalizia likizo, na 48 za kuanzia 3 Agosti mpaka 19 Septemba. Mwaka 2024 ni 23 za Aprili na Mei, na 68 za Oktoba mpaka Desemba. Jumla miaka mitatu ni 239, wastani haufiki 80. Mkiweka ile 233 yenu badala ya 91 wastani unapanda mpaka 127, kwa hiyo vipimo vyote viwili vinanikamata kwa sababu ya ingizo moja ambalo halikuandikwa. Nimehesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka zote kama siku nzima, sikujipunguzia hata moja.

Sasa mambo ya kunifunga na nyumbani. Hapa nataka niseme yote, hata yale ambayo hamkuuliza, maana nikiacha kitu mkakikuta wenyewe baadaye hata hili la siku hamtaniamini.

Nyumba ninayo, hilo ni kweli na iko kwa jina langu. Lakini tangu 1 Mei 2022 imepangishwa kwa watu ambao si ndugu zangu, kwa mkataba wa maandishi ambao umeshaongezwa mara mbili, funguo wanazo wao na mimi siwezi kuingia kulala humo hata kama nimefika usiku wa manane. Kodi ya mapato ya pango nimeleta ritani kila mwaka na nimelipa, risiti mnazo kwenye mfumo wenu na kopi nimeziweka hapa. Nikiwa nyumbani nalala kwa mama. Kule kuna chumba ambacho tunakiita changu, kina kitanda, na kabatini kuna masanduku mawili ya nguo zangu za zamani. Nyumba ni ya mama, hati ni ya mama, na nisipokuwepo wajukuu wengine wanalala humo. Mimi sioni kama hayo ni makazi ya kudumu ila nimewaambia mjue yapo, mpime wenyewe.

Familia. Mpaka Septemba 2023 mume wangu na mtoto wetu walikuwa nyumbani, hilo sifichi. Zile siku 48 za mwaka huo zilikuwa ndefu kwa sababu nilikuja kuwachukua na viza ya mtoto ikachelewa. Tuliondoka wote watatu 19 Septemba 2023 na tangu siku hiyo tunaishi huku pamoja. Kwa hiyo mwaka 2024 wote, ambao ndo mnauliza, mtoto amesoma shule ya huku, mume wangu ameajiriwa huku, bima ya afya ya wote watatu iko huku, na tunapanga nyumba ya vyumba viwili kwa mkataba wa mwaka mzima ambao nimeuambatanisha pamoja na bili za umeme za miezi 12. Bili hizo ziangalieni mwezi wa tano mpaka wa tisa, huwezi kutumia umeme ule kama haupo.

Vingine vilivyobaki nyumbani ni akaunti moja ya benki inayopokea pango na ninayomtumia mama hela ya matumizi, laini ya simu ninayoiweka hai kwa ajili ya meseji za benki, na leseni ya udereva. Gari niliuza kabla sijaondoka. Biashara sina, ajira nyingine sina, bodi yoyote simo.

Kuna jambo moja barua yenu haikuligusa. Zile siku 68 za mwisho wa 2024 nilikuja kwa sababu mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kuanzia 2 Oktoba nilikuwa kwenye likizo yangu ya mwaka siku 20 za kazi, zikaisha 29 Oktoba, nikaomba likizo bila malipo mpaka 15 Novemba, na mama alikuwa bado hajaweza hata kwenda chooni peke yake. Mwajiri akanikubalia nifanye kazi kwa laptopu kuanzia Jumatatu 18 Novemba mpaka Ijumaa 6 Desemba. Hizo ni siku 15 za kazi ambazo nilizifanya nikiwa nimekaa ndani ya nchi yenu, pembeni ya kitanda cha mama, na mshahara wake nililipwa huku. Barua ya mwajiri ya kunikubalia ipo na slipu za mshahara za Novemba na Desemba zipo. Ninavyousoma mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili kati ya nchi hizi mbili, mshahara wa namna hiyo haukatwi kodi nyumbani ikiwa sikuzidi siku 183, mwajiri si mkaazi wa nyumbani, na mshahara haubebwi na tawi lake lolote la huko, na mwajiri wangu hana ofisi wala tawi nyumbani. Kama mnasoma tofauti niambieni, kwa hizo siku 15 niko tayari kukaa mezani.

Na mkiona kile chumba cha mama ni makazi ya kudumu kiasi cha kunifanya mkaazi kwa sheria ya nyumbani, basi naomba mtumie mpangilio wa mkataba huohuo, maana huku nako ni mkaazi na cheti cha ukaazi wa kodi cha 2024 kutoka ofisi ya kodi ya huku nimekiambatanisha kikiwa na mhuri. Mpangilio unaanza na makazi ya kudumu, ukishindwa kuamua unakwenda kwenye kule ambako maisha ya mtu na uchumi wake vimeegemea, halafu anakoishi kwa kawaida, uraia ni baada ya hapo. Uraia wangu ni wa nyumbani na nitabaki nao. Lakini mume, mtoto, kazi, shule, bima na kitanda ninacholala siku 275 za mwaka ule viko huku.

Kosa langu lipo na nalikubali, anwani yangu kwenye usajili wenu niliiacha ya zamani tangu 2022, sikuwaambia nimehama. Nimeibadilisha jana usiku onlaini na namba ya ombi iko kwenye kiambatisho cha mwisho.

Ninachoomba ni hiki: muwaandikie idara ya uhamiaji warekebishe kutoka kwangu kwa 12 Mei 2024, mnithibitishie kwa maandishi kwamba 2024 sikuwa mkaazi, na makadirio ya kodi mliyotaja mwishoni mwa barua yasimame mpaka hilo lijibiwe. Kodi ya pango naendelea kulipa kama kawaida, ila mniambie kama fomu ninayojaza ndo hiyohiyo kwa mtu asiye mkaazi.

Pasipoti zenyewe siwezi kuzituma kwa posta maana kibali changu cha kuishi huku kimebandikwa humo, lakini nitakuja nyumbani kuanzia 11 mpaka 24 Agosti kumwona mama na naweza kuzileta ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia. Mkitaka mapema zaidi napatikana kwa simu ya video jioni baada ya saa kumi na moja.

Asanteni kwa kunisikiliza.

Rehema