Jaribio la Kusoma Agizo na Lebo ya Dawa: Picha Tatu kutoka Lamu

Wanafunzi wa mwaka wa pili, jina la mgonjwa na namba ya kadi vimefunikwa katika kila picha. Mengine yote yameachwa yalivyo, pamoja na mwandiko. Kuza picha, soma mpaka mwisho, ndipo ushike kalamu. Usijibu kwa kukumbuka dawa uliyoitoa wodini juzi. Hesabu iandikwe yote, na kila nambari ifuatwe na kizio chake: jibu la "20" peke yake halipati alama, maana sijui ni mg au ni ml.

Picha ya 1: agizo

Mtoto wa kike, miaka 2, uzito 12 kg. Nimonia. Anakunywa vizuri, hana dalili za hatari. Anaruhusiwa kwenda nyumbani, Faza.
Amoksilini 500 mg PO BD × siku 5
Parasetamoli 180 mg PO PRN, homa, kila baada ya saa 6

Picha ya 2: chupa mbili za amoksilini kwenye rafu moja

Kampuni moja, rangi moja, kifuniko kimoja. Ya kushoto: 125 mg/5 ml, 100 ml baada ya kuchanganywa. Ya kulia: 250 mg/5 ml, 100 ml baada ya kuchanganywa. Zote mbili: unga wa kuchanganya na maji, kwa kunywa tu, tikisa kabla ya kutumia, tumia ndani ya siku 7 tangu kuchanganywa.

Picha ya 3: agizo na ampuli mbili za jentamaisini

Mtoto mchanga, siku ya 2, uzito 3 kg. Jentamaisini 15 mg OD. Palipoandikwa njia, herufi ya kwanza ni I. Ya pili imelowa na haisomeki. Ampuli A: 20 mg/2 ml. Ampuli B: 80 mg/2 ml. Zote zimeandikwa IM/IV.

Maswali

1. Dozi moja ya amoksilini ni ml ngapi kutoka chupa ya kushoto? Na kutoka ya kulia?
2. Utampa mama chupa ngapi, ukitumia ya kushoto? Ukitumia ya kulia?
3. Andika saa za dozi kwenye chati, kisha andika maneno utakayomwambia mama.
4. Parasetamoli iliyopo ni 120 mg/5 ml. Dozi ni ml ngapi? Homa ikirudi saa 4 baada ya dozi, mama afanye nini?
5. Utavuta ml ngapi za jentamaisini kutoka ampuli A? Kutoka B? Eleza kitakachotokea ukivuta ujazo wa A kutoka B.
6. Utaitoa kwa njia gani?

Majibu na maelezo

*La 1.* Kushoto: 500 mg ÷ 125 mg × 5 ml = 20 ml. Kulia: 500 mg ÷ 250 mg × 5 ml = 10 ml.

Wengi hugawanya 500 kwa 125, wakapata 4, wakaandika "4 ml". Hiyo 4 si mililita. Ni idadi ya mafungu ya 5 ml, na kila fungu lina 125 mg. Nguvu ya dawa ni maandishi mawili yanayokwenda pamoja, mg upande mmoja wa mstari na ml upande wa pili. Ukisoma upande mmoja hujasoma kitu. Ile 100 ml ni ujazo wa chupa nzima, wala haiingii katika hesabu ya dozi. Anayempa mtoto huyu 10 ml za chupa ya kushoto amempa 250 mg, nusu ya dawa, na nimonia haiponi kwa nusu. Ndiyo maana hata agizo lenyewe linapaswa kuhakikiwa: kwa 40 mg kwa kila kilo mara mbili kwa siku, 12 kg inatoa 480 mg, kwa hiyo 500 mg inakubalika.

*La 2.* Kushoto: 20 ml × 2 × 5 = 200 ml, chupa mbili. Kulia: 10 ml × 2 × 5 = 100 ml, chupa moja.

Hapa fikiria safari. Boti ya Faza inapita mlango wa bahari wa Mkanda kwa kufuata maji, na mama akishafika, chupa iliyopungua hairudiwi jioni ile. Ukimpa moja ya kushoto, dawa itaisha katikati ya siku ya 3, mtoto ameanza kucheza, na nyumbani wataona amepona. Chupa zote mbili za kushoto zichanganywe na maji kabla hajaondoka: siku 5 ziko ndani ya zile 7 za lebo, na maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa yakapoa. Mpe na bomba la kupimia la 10 ml lisilo na sindano. Vijiko vya nyumbani havilingani.

*La 3.* BD ni mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Chati: 0800 na 2000. Kwa mama: "Mpe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, siku tano, hata akichangamka." Ukimwambia "saa nane" kwa sababu chati imeandikwa 0800, atampa mchana. Mwambie arudie maneno yako na akuonyeshe mstari wa bomba kwa kidole.

*La 4.* 180 ÷ 120 × 5 = 7.5 ml. Andika nukta ionekane wazi, isije ikasomwa 75. PRN maana yake ni ikihitajika, lakini kikomo kimeandikwa: saa 6. Homa ikirudi mapema, asiongeze dozi. Ampunguzie nguo, ampe vya kunywa, angoje saa itimie. Akishindwa kunywa, akipumua kwa shida au akipata degedege, arudi kituoni mara moja.

*La 5.* A: 15 ÷ 20 × 2 = 1.5 ml. B: 15 ÷ 80 × 2 = 0.375 ml, kwa bomba la 1 ml ni 0.38 ml.

Swali hili lina alama nyingi kuliko mengine, nami nimekusudia. Ampuli zote mbili zina 2 ml, kwa hiyo jicho linaziona ndugu. Ukivuta 1.5 ml kutoka B umevuta 60 mg, mara nne ya agizo, kwa mtoto wa kilo 3. Jentamaisini ikizidi huumiza figo na masikio, na masikio yakiumia mara nyingi hayarudi. Hatalia zaidi, hatabadilika rangi. Hakuna atakayejua siku hiyo. Soma lebo ukiichukua rafuni, soma kabla ya kuvuta, soma kabla ya kutupa ampuli, na mwite mwenzako apige hesabu yake bila kuona yako. Kama A ipo, tumia A: 1.5 ml hupimika kwa urahisi kuliko 0.38. OD ni mara moja kwa saa 24. Usiipe tena jioni.

*La 6.* Aliyejibu IM na aliyejibu IV wote wamekosa. Lebo inaonyesha njia zinazoruhusiwa kwa dawa hiyo. Inayomfaa mtoto huyu iko kwenye agizo, na agizo halisomeki. Mpigie daktari aliyeandika, aje aandike upya mstari mzima na kutia sahihi, si kukazia herufi iliyolowa. Dozi ikichelewa kwa ajili hiyo, andika kwenye chati saa uliyopiga simu na saa uliyoitoa.